Majina Yamebaki Kabambe: Utatuzi wa Matatizo ya Kuhamisha Nambari hadi Simu Janja

Watu wengi wanaoniletea simu zao hapa Umoja, Nairobi, huja na lalamiko moja. Wamenunua simu janja mjini, wametoa laini kwenye kabambe, yaani simu yao ndogo ya vibonyezo, wameitia kwenye simu mpya, na wamekuta orodha ya majina ni tupu au ina majina machache ambayo hata hawayakumbuki. Wengi huamini kwamba majina yamefutika. Mara nyingi hayajafutika hata kidogo. Yamebaki pale yalipokuwa, na kinachotakiwa ni kujua yalikuwa wapi tangu mwanzo.

Jina katika kabambe linaweza kuwa limehifadhiwa katika mojawapo ya sehemu mbili, nayo simu haikuelezi ni ipi usipoiuliza. Sehemu ya kwanza ni kumbukumbu ya simu yenyewe, ambayo haiondoki hata ukitoa laini na betri. Sehemu ya pili ni kadi ya laini, ambayo huhama pamoja na kila jina lililoandikwa ndani yake. Tatizo ni kwamba kabambe nyingi huonyesha majina ya sehemu zote mbili katika orodha moja, kwa hiyo mwenye simu hana sababu ya kushuku kwamba nusu ya majina yake hayamo kwenye laini anayoibeba.

Dalili ya kwanza: laini imo kwenye simu janja lakini hakuna majina

Sababu inayoongoza kwa mbali ni hiyo niliyoitaja: majina yako kwenye kumbukumbu ya kabambe. Irudishe laini kwenye kabambe, fungua orodha ya majina, ingia kwenye mipangilio yake na utafute mahali panapouliza ni kumbukumbu gani itumike au ionyeshwe. Katika simu nyingi maandishi huwa `Memory in use` au `Preferred storage`, nayo hukupa chaguo la `Phone`, `SIM` au zote mbili. Chagua `SIM` peke yake, kisha urudi kwenye orodha. Unachokiona sasa ndicho pekee kilichomo kwenye kadi. Ikiwa orodha imekuwa tupu au imebaki na nambari za huduma za kampuni ya laini, umepata jibu lako, na dawa ni kunakili majina kutoka kwenye simu kwenda kwenye laini kwa kutumia `Copy contacts`. Chagua kunakili na usichague kuhamisha, ambako huandikwa `Move`, kwa maana kuhamisha hufuta jina kule lilikotoka, na betri ikikatika katikati utabaki hujui jina lipi liko wapi.

Sababu ya pili huwapata wenye kabambe ya laini mbili, nao Nairobi ni wengi. Mtu alinakili vizuri, lakini majina yakaenda kwenye laini ya pili ilhali yeye amehamisha ile ya kwanza. Rudia ukaguzi uleule ukichagua `SIM1`, kisha `SIM2`, kabla ya kunakili upya.

Sababu ya tatu iko upande wa simu janja. Kuitia laini tu hakuyaingizi majina kwenye simu. Baadhi ya simu huyaonyesha moja kwa moja na nyingine huyaficha mpaka uziamuru. Katika programu ya Google Contacts, gusa `Organize`, ambayo katika matoleo ya awali iliitwa `Fix & manage`, kisha uguse `Import from SIM`. Katika simu za Samsung njia hupitia `Manage contacts` na kisha `Import contacts`. Katika iPhone amri huitwa `Import SIM Contacts`, nayo imo kwenye mipangilio ya Contacts. Simu ikikuuliza uyahifadhi wapi, chagua akaunti yako ya Google, au iCloud ikiwa ni iPhone. Ukiyaacha kwenye laini, siku utakapoitoa laini hiyo majina yatatoweka machoni pako kwa mara nyingine.

Sababu ya nne haitokei mara nyingi, lakini ndiyo inayouma zaidi. Kabambe za zamani hutumia kadi kubwa, na simu janja za sasa hutumia kadi ndogo kabisa inayoitwa nano, kwa hiyo mtu huenda dukani kubadilishiwa. Kadi mpya hubeba nambari yako ya simu pamoja na akaunti yako ya M-PESA, kwa kuwa hivyo viko kwenye mitambo ya kampuni, lakini haibebi hata jina moja kati ya yale yaliyoandikwa kwenye kadi ya zamani. Kama hujabadilisha bado, nakili majina kabla ya kwenda. Kama umeshabadilisha, itafute kadi ile ya zamani hata kama iko mfukoni mwa koti au kwenye droo, uitie kwenye kabambe, na ufungue orodha ya majina. Mtandao hautakuwepo, lakini kwa kawaida majina yaliyomo bado husomeka. Ndiyo maana huwaomba watu wasikubali kadi ya zamani itupwe pale kaunta.

Sipendekezi kuikata kadi kubwa kwa kile kikata-laini cha vibandani ili ifanane na nano. Kadi ya nano ina unene wa milimita 0.67, na kadi za zamani zina milimita 0.76, kwa hiyo hata ukikata kingo kwa uhodari kadi inaweza kukwama ndani ya simu mpya. Katika kadi za miaka ya nyuma, ambazo sehemu yake ya dhahabu ni pana, makasi yanaweza kupita juu ya mahali penyewe panapohifadhi majina.

Dalili ya pili: baadhi ya majina yamekuja, mengine hayakuja

Hapa sababu ya kwanza ni kwamba kadi ya laini imejaa. Kadi nyingi zina nafasi 250 za majina. Zipo zenye pungufu na zipo zenye zaidi. Kabambe hukuonyesha hesabu hiyo chini ya `Memory status`, ambapo utaona kitu kama 41/250, maana yake nafasi 41 zimetumika kati ya 250. Itazame kabla ya kunakili. Kabambe nyingine hukueleza wazi kwamba laini imejaa, lakini nyingine huacha kunakili kimyakimya na kurudi kwenye menyu kana kwamba kazi imekwisha.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba nafasi moja ya kadi ya laini kwa kawaida hubeba jina moja na nambari moja. Jina lenye nambari mbili huhitaji nafasi mbili, na zipo kabambe ambazo katika hali hiyo hunakili nambari ya kwanza tu na kuiacha ya pili nyuma.

Nitaeleza kwa kirefu kazi niliyomfanyia shangazi yangu anayeishi Kayole, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kikwazo cha namna hii. Alikuwa na majina 318 kwenye kumbukumbu ya kabambe, na kati ya hayo 27 yalikuwa na nambari mbili mbili. Kwa hiyo tulihitaji nafasi 345. Kadi yake ilikuwa na nafasi 250, lakini 41 zilikuwa zimeshatumika: 12 kwa nambari za huduma na 29 kwa majina ya zamani ambayo hakuwa amewahi kuyatazama. Zilibaki nafasi 209. Mwanawe alikuwa ameshajaribu kunakili yote kwa amri moja, simu ikasimama bila neno, naye shangazi akaniuliza, "Mwanangu, mbona jina la daktari wangu limekataa kuhama?"

Hatukuwa na njia ya kuyatoa yote kwa awamu moja, kwa hiyo tulikwenda kwa awamu mbili. Laini ilikuwa imeshajaa kutokana na jaribio la kwanza, nasi tuliitia kwenye simu janja na kuingiza yote 250 kwenye akaunti yake ya Google. Kisha tulifanya jaribio ambalo huwa sikubali kuliruka: tulizima simu janja, tukaitoa laini, tukaiwasha tena bila laini, tukatafuta majina matatu ambayo tulijua yalikuwa kwenye laini. Yote matatu yalionekana. Hapo ndipo tulipojua kwamba majina yameshikwa na akaunti na si kadi, na hapo tu ndipo ilipokuwa salama kuifuta kadi.

Tuliirudisha laini kwenye kabambe na kufuta majina ya kwenye laini peke yake. Hatua hii inataka utulivu, kwa sababu amri ya kufuta yote kwa kawaida huuliza kama ni `From SIM` au `From phone`, na maneno hayo mawili hukaa jirani kwenye kioo kidogo. Ukichagua vibaya utafuta majina ambayo bado hayajahama, na kabambe haina mahali pa kuyarudisha. Nilimsomea shangazi maneno hayo kwa sauti, naye akayasoma mwenyewe, ndipo tukabonyeza.

Kikwazo cha mwisho kilikuwa kwamba amri ya kunakili yote huanza upya kutoka mwanzo wa orodha, kwa hiyo nafasi 209 zingejaa tena majina yaleyale, na zilizobaki zisingetosha mengine yote. Ilitubidi tutumie alama: ndani ya `Copy contacts` kulikuwa na chaguo la kuweka alama kwa majina kadhaa, nasi tuliweka alama yale tu ambayo hayakuwepo kwenye simu janja, tukilinganisha orodha hizo mbili zikiwa zimewekwa kando kwa kando mezani. Usidhani kwamba kabambe hunakili kwa kufuata alfabeti, kwani nyingine hufuata mpangilio ambao majina yaliingizwa. Linganisha jina kwa jina. Nambari 136 zilizosalia zilitoshea vizuri, na kazi nzima ilichukua muda wa alasiri moja.

Kama kabambe yako haina njia ya kuweka alama, nakili jina moja moja kwa yale muhimu, au tumia njia ya faili ninayoieleza hapo chini, ambayo haina mpaka huu wa nafasi.

Dalili ya tatu: majina yamekatwa, au kila jina limejirudia

Kukatwa kwa jina kunatokana na ufinyu wa kadi ya laini, ambayo katika kadi nyingi hubeba herufi kati ya 14 na 20 hivi kwa jina. "Mama Wambui wa Maziwa Mlolongo" huwa "Mama Wambui wa" na kuishia hapo, na mwenye akina Mama Wambui watatu atabaki na kitendawili. Hakuna mpangilio wa simu janja unaoweza kurudisha herufi ambazo hazikuandikwa. Kabla ya kunakili, fupisha majina yanayofanana ukitanguliza kinachoyatofautisha, kwa mfano "Maziwa Wambui", au tumia faili.

Kujirudia kwa majina kwa kawaida si hitilafu. Simu janja inaonyesha nakala ya kwenye laini na nakala ya kwenye akaunti kwa pamoja. Fungua mipangilio ya kuonyesha majina na uchague akaunti ya Google peke yake. Nakala za pili zitaondoka machoni bila kufuta kitu. Usianze kufuta kwa mkono, kwa kuwa ni rahisi kufuta ile nakala nzuri. Ikiwa majina yamejirudia ndani ya akaunti yenyewe, maana yake uliingiza laini ileile mara mbili, na programu ya Google Contacts ina amri ya `Merge & fix` ya kuyaunganisha.

Dalili ya nne: faili ya majina haifunguki, au imeleta majina machache

Kabambe yenye kadi ya kumbukumbu au Bluetooth mara nyingi huweza kuandika majina yote ndani ya faili inayoishia kwa `.vcf`. Mimi huipenda njia hii kuliko ya laini, kwa sababu faili hubeba jina zima na nambari zote za mtu mmoja. Ukifungua faili hiyo kwa programu ya kusoma maandishi, kila mtu huonekana hivi:

```
BEGIN:VCARD
VERSION:2.1
N:Wambui;Mama
TEL;CELL:0700000000
END:VCARD
```

Kwenye simu janja, chagua `Import from file` badala ya kuigusa faili ndani ya orodha ya faili, kwa maana simu nyingine hujaribu kuifungua kwa programu isiyohusika na kutoa ujumbe wa kushindwa. Hilo ndilo linalowakwamisha wengi zaidi, na halihitaji fundi. Faili iliyotumwa kwa Bluetooth huwa kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa au kwenye folda yenye jina la Bluetooth.

Ikiwa faili imeingiza majina ya mwanzo na kusimama, angalia mwisho wake. Faili ambayo haimaliziki kwa `END:VCARD` ilikatika wakati wa kunakiliwa, mara nyingi kwa sababu kadi ya kumbukumbu ilitolewa mapema au betri ya kabambe ilikwisha. Chaji kabambe mpaka ijae, kisha uiandike faili upya.

Zipo kabambe zinazoandika faili moja kwa kila jina, na mtu mwenye majina 300 hujikuta na faili 300. Ukiwa na kompyuta ya Windows, zikusanye kwenye folda moja, fungua dirisha la amri, yaani `Command Prompt`, ndani ya folda hiyo, na uandike mistari hii miwili, ambayo huziunganisha kuwa faili moja:

```
copy /b *.vcf wote.txt
ren wote.txt wote.vcf
```

Ukiona ndani ya faili maandishi kama `=4D=61=6D=61` mahali pa jina, usiyaguse. Huo ni mtindo wa zamani wa kuandika herufi, na hayo manne husomeka "Mama". Simu janja huyafasiri yenyewe wakati wa kuingiza, lakini ukiyahariri kwa mkono unaweza kuvunja mstari na kupoteza jina zima.

Dalili ya tano: majina yapo, lakini WhatsApp haiwatambui watu

Tazama namna nambari ilivyoandikwa. Iliyo sahihi ina tarakimu kumi na huanza kwa 0, au huanza kwa +254 ikifuatwa na tarakimu tisa bila ile 0. Makosa ninayoyakuta sana ni +2540 na 254 isiyo na alama ya kujumlisha. Rekebisha chache kwanza, usubiri WhatsApp isome orodha upya, ndipo uendelee na nyingine.

Mahali pa kusimama

Laini ikidai PIN nawe huikumbuki, usibahatishe. PIN ikikosewa mara tatu kadi hufungwa na kudai PUK, ile nambari ya kuifungua, na PUK ikikosewa mara kumi kadi huharibika kabisa, pamoja na majina yaliyomo. Duka litakupa kadi mpya yenye nambari yako, lakini majina hayatarudi. Kabla ya kufika huko, ipigie simu kampuni ya laini yako ujitambulishe na uombe PUK. PIN ya laini ni tofauti na PIN ya M-PESA, na hakuna hatua yoyote ya kuhamisha majina inayohitaji hiyo ya pili. Mtu akikuomba PIN ya M-PESA katika kazi hii, chukua simu yako uondoke.

Kabambe isiyowaka, iliyoingia maji, au ambayo betri yake imevimba haifai kuchajiwa wala kubonyezwabonyezwa. Toa betri na uipeleke simu kwa fundi, na ukifika kwake, iwe ni Luthuli Avenue au kibanda cha mtaani, anza kwa kumwambia kwamba unachotaka ni majina na si simu. Neno hilo lina uzito, kwa sababu dawa ya haraka ya kabambe iliyogoma ni kuiflashi, yaani kuipakia programu yake upya, na simu iliyoflashiwa huweza kuwaka vizuri ikiwa haina jina hata moja. Fundi anayeelewa ombi lako atajaribu kwanza kubadilisha kioo au kuipa simu umeme kutoka nje ili iwake kwa muda wa kutosha kunakili. Toa laini yako kabla ya kumwachia simu, isipokuwa amekueleza kwamba ataihitaji ili kunakili majina. Katika hali hiyo, kaa hapo mpaka amalize.